Supu ya mifupa ya kuku inakuwa na ukungu kila nikipika. Nataka iwe angavu, naombeni msaada

Mama Kijiwe (mwanzisha uzi)

Habarini wadau. Nina kijiwe cha kuku wa kuchoma huku Mbagala, kazi yangu inaanza jioni. Vidari na mapaja vinaishia kwenye mishikaki, nabaki na migongo, shingo, ncha za mbawa na miguu. Zamani nilikuwa nagawa kwa majirani, sasa nimeanza kupika supu ya asubuhi na inauzika.

Shida ni hii. Kuna dada anapika chakula cha semina, ameniomba nimpelekee supu ya chai ya saa nne, ila ametaka supu ambayo mtu akiinama anaona chini ya bakuli. Yangu ni tamu, hakuna anayelalamika ladha, lakini kwa macho ni kama maji ya kuoshea mchele.

Ninavyopika: naosha mifupa, natia kwenye sufuria na maji ya moto kutoka kwenye birika ili nisipoteze gesi. Natwanga tangawizi na kitunguu saumu, nakwangua karoti, natia vyote mwanzo pamoja na chumvi. Nafunika, moto mkubwa mpaka ichemke sana, halafu naacha itokote saa mbili au tatu. Mwisho nachuja kwa chujio la chai. Nakosea wapi?

---

Chaupele Mpenzi

Mama, hapo huna shida kabisa, supu nyepesi nani anakunywa? Chemsha viazi mviringo viwili humohumo, viponde, rudishia kwenye sufuria. Itashika mpaka kijiko kisimame. Ukitia na kijiko cha unga wa ngano ulioukaanga kidogo utanishukuru.

---

Mama Kijiwe

Asante kaka, lakini umenielewa kinyume. Nzito tayari ninayo. Nataka ya kuonekana.

---

Kijana wa Sinza

Hii ni rahisi sana wala haihitaji uzi mrefu. Mwaga maji ya kwanza. Mifupa ndani, maji yachemke dakika tano, mwaga yote pamoja na povu, weka maji mapya, endelea. Uchafu wote umeondoka. Mengine yote ni mbwembwe za wapishi wa hoteli.

---

Mpishi Mstaafu

Kijana amesema kweli nusu. Unaweza kumwaga maji ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ukatokotesha mifupa ile kwa moto mkubwa saa mbili na ukapata ukungu uleule. Nimepika hotelini Unguja miaka mingi na hii nimeiona kwa vijana wengi wa jikoni.

Mama Kijiwe, tuanze na mifupa yenyewe kabla ya moto. Chukua mgongo mmoja wa kuku uugeuze ndani. Utaona kwenye mbavu kuna vipande vya rangi ya waridi vimenata, hayo ni mapafu. Chini yake, karibu na mkia, kuna vitu vya wekundu uliokolea vimejificha kwenye mashimo ya mfupa, hizo ni figo. Wanaochinja kwa haraka huwa hawazitoi. Hapo ndipo damu nyingi ilipo, na kuosha kwa juu hakuitoi. Pitisha kidole gumba au ncha ya kijiko, kwangua, suuza chini ya bomba. Shingo nazo zina mshipa wa damu iliyoganda na wakati mwingine kipande cha koo, vuta utoe. Maini usiyatie kabisa, yanachafua na yanaleta uchungu. Firigisi ikiwa imesafishwa haina neno.

Sasa maji. Yale ya birika ndiyo adui wako wa kwanza. Damu na majimaji ya nyama yana protini inayoyeyuka kwenye maji ya baridi. Ukianza na maji ya baridi na moto wa wastani, protini ile inatoka polepole, inaganda polepole, inashikana mabonge na kupanda juu kama povu la kijivu. Unaliengua, basi. Ukianza na maji yanayochemka inaganda ghafla, chembe ndogondogo zinazoelea kila mahali, hazishikani na hazipandi. Chujio la chai halizikamati hizo.

Halafu moto. Mafuta ya kuku yakikaa juu ya maji yaliyotulia, yanabaki juu na unayachota kwa upawa. Maji yakitokota kwa nguvu yanayapiga yale mafuta na kuyakata vijitone visivyoonekana, na gelatini ya mifupa inavizuia visirudi kuungana. Huo ndio weupe wako. Povu nalo ambalo hukuliengua linavunjwavunjwa na kurudishwa ndani. Saa mbili za namna hiyo, hakuna kitambaa cha kukuokoa.

---

Mama Kijiwe

Mzee wangu, shikamoo. Nimeenda kuangalia migongo iliyopo kwenye friza sasa hivi, figo zipo kwenye yote! Sikuwahi kujua kama zile ni figo.

Sasa nipe vipimo. Nina kama kilo mbili za mifupa. Na moto wa kutulia kwenye jiko la mkaa naupataje? Gesi yangu ya mtungi mdogo naiogopa kwa saa nyingi.

---

Mpishi Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Kilo mbili, humo miguu iwe kama robo kilo. Miguu ndiyo inayotoa gelatini, inaipa supu mwili mdomoni bila kuitia unga. Ing'oe kucha na ngozi ya nje ya njano. Maji ya baridi lita nne, yapite mifupa vidole viwili hivi. Usitie kitu kingine chochote.

Moto wa wastani, bila mfuniko. Itachukua nusu saa au zaidi kufika kwenye kuchemka na hapo ndipo kazi yako yote ilipo, kwa hiyo usiende kuchambua mchele. Povu litaanza kuja. Usikoroge. Tumia upawa, lielekeze pembeni ulichote, upawa uusuuze kwenye bakuli la maji kila mara. Maji yakionyesha tu dalili ya kuchemka, punguza.

Kipimo cha moto ni hiki: kiputo kimoja kimoja kinapanda pembeni, uso wa supu unatetemeka lakini haugeuki. Ukisikia sauti ya kuchemka, umezidisha. Kwa mkaa, subiri ushike wote uwe mwekundu, toa nusu, uliobaki ufunike na majivu, ufunge kidirisha cha chini. Au weka sufuria nusu juu ya moto, nusu nje. Hii inasaidia sana kwa sababu viputo vinapanda upande mmoja na povu linasukumwa upande wa pili, unaliengua mahali pamoja.

Kama ni kuku wa kisasa, saa moja na nusu mpaka mbili inatosha. Mifupa yake ni michanga, ukiizidishia inaanza kusagika, utapata unga chini ya sufuria na ladha ya chokaa. Kuku wa kienyeji aliyekomaa mpe saa tatu.

Nusu saa au dakika arobaini na tano za mwisho ndipo utie kitunguu, karoti na bua la giligilani, vyote vipande vikubwa. Karoti usiikwangue. Tangawizi ikate slesi, kitunguu saumu kitie punje nzima. Hayo ya kutwanga ndiyo yaliyokuwa yakikuongezea tope, kwa sababu nyuzi na wanga wa tangawizi hauchujiki. Pilipili manga nzima, siyo ya unga. Manjano ya unga sahau kabisa.

Chumvi mwisho, kwa sababu supu inapungua na utazidisha. Kwa ukungu chumvi haina kosa, nimesikia watu wanaisingizia.

Sasa kuchuja, wengi wanaharibu hapa. Zima moto, acha dakika kumi. Usiinamishe sufuria kumimina. Chota kwa upawa kutoka juu, taratibu, upitishe kwenye kitambaa cha pamba kilichoshonana vizuri, kiwe kimelowekwa na kukamuliwa kwanza. Ukifika chini, kikombe cha mwisho chenye mashapo kiache hukohuko. Na usikamue kitambaa wala kushindilia mifupa.

---

Kijana wa Sinza

Mzee nakuheshimu ila bado nasimamia maji ya kwanza. Mifupa ya friza ya hapa mjini inauzwa kwa kilo, hujui imeganda na kuyeyuka mara ngapi. Hiyo unaengua mpaka mkono unachoka.

---

Mpishi Mstaafu

Kwa mifupa ya namna hiyo nakubaliana na wewe. Ianze na maji ya baridi, ichemke dakika tatu au nne, mwaga, suuza kila mfupa kwa mkono, na sufuria uioshe pia maana povu linanata pembeni. Kwa kuku aliyechinjwa leo mimi siifanyi, naona kuna utamu unakwenda na maji yale. Wapo wapishi wazuri wanaoifanya kila siku na hawaoni tofauti.

---

Injinia wa Kigamboni

Nitashangaza watu hapa. Mimi natumia presha kuka na supu yangu inatoka angavu kuliko ya sufuria ya kawaida. Mke wangu hakuamini mpaka alipoona.

---

Kijana wa Sinza

Haiwezekani. Mle ndani kunachemka kuliko kawaida, ndiyo maana nyama inaiva haraka.

---

Injinia wa Kigamboni

Kuna joto kuliko kawaida, lakini joto na kutokota ni vitu viwili tofauti. Mvuke ukishajaa mle ndani unayakandamiza maji, yanafika nyuzi kama 120 bila kutoa viputo. Yanatulia. Mafuta hayapigwi.

Ila kuna masharti. Kwanza moto uwe mdogo, ile nati ya juu isiwe inapiga kelele mfululizo. Kila inapotoa mvuke mwingi maana yake ndani kunatokota. Pili, usifungue kwa haraka. Ukiinua ile nati ili mvuke utoke ghafla, maji yote yaliyopita nyuzi 100 yanalipuka kuchemka kwa pamoja, na supu inavurugika ndani ya sekunde chache. Zima, iache ipoe yenyewe, nusu saa hivi. Na kwa kuwa humo huwezi kuengua povu, ile ya Kijana ya kumwaga maji ya kwanza ni lazima. Dakika arobaini zinatosha kwa mifupa ya kisasa.

---

Mpishi Mstaafu

Sikuwahi kuipenda presha kuka lakini maelezo yako yana mantiki. Sisi tulikuwa na masufuria ya lita sitini, hakuna presha ya kiasi hicho jikoni kwetu.

---

Bi Lushoto

Samahani naingilia. Mimi sipiki kuku, baba yangu amekatazwa nyama, nampikia supu ya masalia ya mboga. Huku kwetu mboga ni nyingi: maganda ya karoti, majani ya liki, mashina ya uyoga, magamba ya vitunguu, maganda ya viazi, majani ya nje ya kabichi. Natia yote, nachemsha saa mbili. Inatoka ya kijivu na ina harufu ya kabichi iliyolala. Je, nayo nianze na maji ya baridi?

---

Mpishi Mstaafu

Ndiyo anza na baridi, lakini kwako kosa liko kwenye ndoo ya masalia.

Maganda ya viazi toa. Wanga wake unakwenda kwenye maji na hauchujiki. Hivyo hivyo mihogo na magimbi. Kabichi, koliflawa na brokoli ndizo zinazokupa ile harufu, kadiri zinavyokaa motoni ndivyo inavyozidi. Sukuma na mchicha hugeuza maji yakawa ya kijani chafu. Baki na liki, karoti, magamba ya vitunguu, uyoga na mashina ya giligilani. Magamba makavu ya kitunguu chekundu yanatia wekundu wa kahawia, kwa hiyo kama unataka rangi ya dhahabu tumia yale ya njano, machache tu, yakizidi yanaleta uchungu. Yaoshe vizuri, mchanga hukaa kwenye liki hasa pale majani yanapokutana.

Na muda: dakika arobaini, siyo saa mbili. Mboga haina mfupa wa kuupembeleza. Ikishalainika inaanza kupasuka na nyama yake inaelea. Kata vipande vikubwa, usikoroge, usikamue wakati wa kuchuja.

Kama itaonekana haina uzito mdomoni, ongeza uyoga mkavu kidogo ulioloweka, maji yake yatie pia lakini mashapo ya chini yaache.

---

Bi Lushoto

Maganda ya viazi ndiyo yalikuwa mengi kuliko vyote. Asante sana mzee.

---

Mama Kijiwe

Wadau narudi na ripoti. Nimefuata ya mzee: figo nje, maji ya baridi, mkaa umefunikwa majivu, mboga mwishoni. Nilitumia kitambaa cha pamba nilichokuwa nachujia tui. Imetoka rangi ya dhahabu, nimeweka sarafu chini ya bakuli nikasoma namba zake!

LAKINI. Niliigawa kwenye makopo matatu. Mawili nikayaweka kwenye friji, moja halikuenea nikaliacha mezani limefunikwa. Asubuhi yale ya friji yameganda kabisa, yana ukungu mweupe na utando juu. La mezani halijaganda ila nalo lina ukungu. Sasa ndiyo nini?

---

Injinia wa Kigamboni

Ya mezani mwaga.

---

Mama Kijiwe

Yote? Kama lita moja na nusu hiyo. Nikiichemsha upya?

---

Mpishi Mstaafu

Mwaga mwanangu. Kwa joto la Dar, supu ya mifupa usiku kucha mezani ni kuwakaribisha vijidudu. Inusie, utakuta ina uchachu kwa mbali, na pengine viputo vidogo pembeni ya kopo. Kuichemsha kunaua vijidudu lakini siyo kila sumu waliyokwisha kuiacha. Na usimpe mtu wa semina.

Ile ya friji ni nzuri. Kuganda ni gelatini ya miguu, maana yake umepika sawasawa. Utando wa juu ni mafuta, uchukue wote kwa kijiko ukiwa bado mgumu, na ufute na pembeni ya kopo kwa karatasi ya jikoni. Kisha pasha kwa moto mdogo. Ukungu wa baridi unaondoka supu ikiyeyuka. Usipoondoka, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Kesho ukimaliza kuchuja, weka sufuria kwenye beseni la maji yenye barafu, badilisha maji yakipata moto. Ikipoa, gawa kwenye makopo mafupi, friji moja kwa moja. Isizidi saa mbili kutoka jikoni mpaka friji. Hukaa siku tatu. Zaidi ya hapo friza.

---

Nahodha Mkavu

Wakuu, mnasumbuka bure, kuna njia ya ute wa yai. Unapiga ute unautia kwenye supu, unakamata uchafu wote. Nimeona mtu akifanya, supu iliyochafuka ikawa kama chai.

Mimi nilijaribu kuutia kwenye supu inayochemka, nikapata supu ya mayai 😂

---

Mpishi Mstaafu

Njia ipo na ni ya kweli, ila supu lazima iwe ya baridi. Kwa lita mbili za supu iliyopoa na kutolewa mafuta, chukua ute wa mayai manne, kidari kisicho na mafuta robo kilo kilichosagwa, kitunguu na karoti vilivyokatwa vidogo, na nyanya moja. Changanya mpaka ute ukatike lakini usitoe povu jeupe, mimina kwenye supu ya baridi, kisha moto wa wastani huku unakwangua chini polepole ute usishike. Supu ikianza kuwa ya moto wa kuunguza kidole, acha kukoroga. Usiguse tena. Vyote vitapanda na kutengeneza kifuniko juu. Toboa tundu dogo pembeni, uone supu ikipumua hapo kwa kiputo kimoja kimoja, saa moja. Kisha chota kupitia tundu hilo, taratibu, kwenye kitambaa.

Kidari nimekitia kwa sababu ute peke yake unaondoa na ladha. Kwa hiyo piga hesabu: mayai manne na robo kilo ya kidari kwa lita mbili. Hotelini mgeni analipia. Kwa supu ya kijiwe ni hasara, bora upike vizuri tangu mwanzo.

---

Injinia wa Kigamboni

Ipo na ya friza kwa asiyetaka kupoteza mayai. Gandisha supu iwe barafu, iweke juu ya kitambaa kwenye chujio, bakuli chini, yote ndani ya friji. Inayeyuka tone kwa tone siku nzima au zaidi, gelatini inabaki juu imeshika mafuta na chembe zote. Inayodondoka ni angavu ajabu. Ubaya wake gelatini yote inabaki kwenye kitambaa, supu inakuwa nyepesi mdomoni. Na umeme ukikatika katikati, kazi imekwisha.

---

Chaupele Mpenzi

Nimesoma uzi wote. Bado nasema mteja wa supu na chapati asubuhi akiiona hiyo ya sarafu atasema mmemuuzia maji ya moto.

---

Mama Kijiwe

Kaka Chaupele hilo nalo umelisema, wateja wangu wa bodaboda wawili waliniuliza leo kama kuku ameisha. Waliponyonya wakanyamaza, ila mmoja ameomba ile ya zamani. Nadhani nitapika sufuria mbili.

Swali la mwisho mzee. Ile ya semina ilikuwa nzuri saa mbili, kufika saa nne imeanza kuchafuka. Nilikuwa nimeiacha juu ya mkaa na vipande vya nyama ndani.

---

Mpishi Mstaafu

Ilikuwa inatokota hapo kwenye mkaa saa mbili zote, na nyama inajichambua. Supu peleka kwenye chupa ya chai kubwa, ikiwa ya moto sana. Nyama iweke pembeni kwenye hotipoti na upawa mmoja wa supu isikauke, vipande viwili kwenye bakuli, ndipo umimine. Ndimu na pilipili mteja atie mwenyewe.

---

Bi Lushoto

Na tambi je? Baba anapenda tambi nyembamba kwenye supu yake.

---

Mpishi Mstaafu

Zichemshe peke yake kwenye maji mengine, zisuuze, uzitie kwenye bakuli lake tu. Ukizichemshia ndani ya supu, wanga wake utakurudisha kwenye maganda ya viazi.